Siku ya 17 ndani ya selo ya peke yake

*Assalamu alaikum daktari. Mwanangu ana miaka 22, yuko rimandi mwezi wa nne sasa, kesi haijaanza kusikizwa. Jumatatu, wiki mbili zilizopita, kulitokea vita ndani ya wadi yao, akatolewa akatiwa selo peke yake. Leo Jumatano bado yumo. Niliruhusiwa kumwona dakika 10 tu. Hakunitazama usoni, akaniuliza kama nje ni usiku, na ilikuwa saa tano asubuhi. Kijana aliyeachiliwa juzi anasema amepunguziwa chakula, na hutolewa nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, basi. Askari amenambia hiyo ndiyo adabu ya gereza na sheria inaruhusu. Ni kweli? Na huyu mtoto atarudi kama alivyokuwa?*
*Mama, Shela, Malindi*

Waalaikum salaam, dada yangu. Askari amekwambia nusu ya ukweli. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, inamruhusu ofisa msimamizi kumtenga mfungwa kwenye selo ya peke yake kama adhabu ya kosa la nidhamu. Lakini ruhusa hiyo ina mipaka, na kwa maelezo yako mwanao ameshavushwa mipaka hiyo. Kuhusu kurudi kama alivyokuwa, wengi hurudi, hasa wakitolewa mapema. Kwa hiyo siku hizi mbili tatu zijazo zina uzito, ndiyo maana nimekujibu haraka na kwa urefu.

Tuanze na kuhesabu, kwa sababu hesabu ndiyo itakayokusaidia mbele ya ofisa na mbele ya hakimu kuliko machozi. Umoja wa Mataifa una kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa upya na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 44 inaeleza kutengwa ni nini: kufungiwa saa 22 au zaidi kwa siku bila kukutana na mtu kwa maana. Kisha inasema zikizidi siku 15 mfululizo, huko ni kutengwa kwa muda mrefu. Na Kanuni ya 43 inakataza kutengwa kwa muda mrefu moja kwa moja, pamoja na kutengwa kusiko na mwisho unaojulikana.

Mwanao anatoka nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri. Hiyo ni saa 1 nje na saa 23 ndani, kwa hiyo mpaka wa saa 22 umepitwa. Jumatatu aliyoingia ni siku ya 1. Jumatatu iliyofuata ni ya 8, Jumatatu ya juzi ni ya 15, na leo Jumatano ni ya 17. Umeona? Siku 15 zilitimia juzi usiku, na kila saa tangu hapo ni saa iliyokatazwa.

Sasa watakwambia, "Lakini mbona anazungumza na watu? Askari humpelekea uji, hutolewa kumwaga ndoo." Usikubali hoja hiyo. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha Essex mwaka 2016 kuzifafanua kanuni hizi walisema kukutana kwa maana ni kuonana uso kwa uso, moja kwa moja, na kusiwe kwa kupita tu. Sahani inayosukumwa chini ya mlango haihesabiki. "Toka, rudi, ndoo" haihesabiki. Dakika zako 10, ambazo alikuona wewe mamake, zinahesabika, lakini ni dakika 10 ndani ya siku 17. Hila nyingine ninayoijua ni kumtoa mtu siku ya 14, akalala wadini usiku mmoja, kisha akarudishwa ili hesabu ianze upya. Wataalamu hao hao walisema kukatiza kwa muda mfupi namna hiyo hakufuti siku zilizotangulia. Ikitokea, endelea kuhesabu ulipofikia.

Kwa nini 15, wala si 10 au 30? Mwaka 2011 Juan Méndez, aliyekuwa Ripota Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, aliwasilisha ripoti mbele ya Baraza Kuu baada ya kupitia tafiti zilizokuwapo. Alieleza kwamba baada ya siku 15 baadhi ya madhara ya akili yanaweza yasirudi nyuma tena. Mwenyewe alijua kwamba mstari huo umechorwa kwa busara. Haukupimwa kwa rula. Wapo wanaovunjika siku ya 3, na wapo wanaotoka baada ya mwezi wakiwa wazima. Lakini mstari lazima uwepo, la sivyo kila ofisa atachora wake.

Sasa nikuambie mwanao anapita wapi, ili ulichokiona kisikutie hofu isiyo na jina.

Akili ya binadamu haijishikilii yenyewe. Inashikiliwa na vitu vya nje: jua linapanda na kushuka, mtu anakuita kwa jina, unasema jambo na mwenzako anakunja uso, nawe unajua umekosea. Mimi ni mtoto wa Lamu. Ngome pale mjini ilikuwa jela hadi mwaka 1984, na tulipokuwa wadogo soko lilikuwa ubavuni mwake, punda wanalia, watu wanapigania bei ya samaki. Kuta za matumbawe ni nene, lakini sauti huingia. Mtu aliyefungwa mle alisikia adhana tano, akajua ni alfajiri au ni magharibi. Ukimweka mtu mahali ambapo hata hilo halimfikii, au taa inawaka usiku kucha, au giza ni moja mchana na usiku, kinachoanza kupotea ni saa. Usingizi unahama, analala mchana na kukesha usiku. Swali alilokuuliza mwanao, kama nje ni usiku, ndilo swali la siku hizo za kwanza. Halina maana kwamba amerukwa na akili.

Kinachofuata ni masikio na ngozi. Daktari wa akili wa Kimarekani, Stuart Grassian, aliwahoji wafungwa 14 waliotengwa katika gereza moja la jimbo la Massachusetts, na mwaka 1983 akaandika alichokuta. Zaidi ya nusu yao walikuwa hawastahimili sauti ndogo. Bomba linalodondoka, funguo za askari, mlango wa mbali, vyote viliwaumiza. Baadaye huja kushindwa kukusanya fikra, kusahau, hofu inayopanda kifuani ghafla hadi mtu akadhani anakufa, na kudhani kwamba askari wanamsema yeye. Wengine husikia sauti za watu wasiokuwapo. Wataalamu wa Kanada walikuwa wamepima mapema zaidi, mwaka 1972, kwa kuwafungia wafungwa waliojitolea kwa siku 7 na kuwawekea mashine ya kusoma umeme wa ubongo. Mawimbi ya ubongo wao yalipungua kasi ndani ya hizo siku 7. Kwa hiyo mtu akikwambia mwanao anajitia, mwambie mashine haijitii.

Kufungia macho haya yote kwa sababu "bado anatembea, bado anakula" ndilo kosa nililolifanya mimi, na nitakueleza. Nilikuwa afisa wa kliniki kijana, nimepelekwa gereza moja ambalo sitalitaja. Kijana mmoja ametengwa, ofisa ananiletea karatasi niandike kama anaweza kuhimili adhabu. Nilimwita mlangoni, nikampima presha, nikasikiliza mapafu, nikaandika "yuko sawa", nikatia sahihi. Sikumuuliza amelala lini mara ya mwisho. Sikuingia selo. Siku ya 9 nililetewa akiwa amejiumiza vibaya. Aliishi, alhamdulillahi, lakini alipoulizwa na hakimu kwa nini, alisema alitaka tu mtu afungue mlango. Karatasi yangu ilikuwa ndani ya faili, imempa ofisa ruhusa kwa wino wangu. Leo Kanuni ya 46 inakataza jambo lile: mhudumu wa afya asihusike hata kidogo katika kumtia mtu adhabu ya kutengwa. Kazi yake ni kumtembelea kila siku, na akiona anaharibika, amwambie mkuu wa gereza bila kuchelewa kwamba atolewe au hali ibadilishwe.

Na kisa kile si cha mtu mmoja. Idara ya afya ya jela za jiji la New York ilipitia kumbukumbu za mwaka 2010 hadi 2013. Waliowahi kutengwa walikuwa kama 7 katika kila 100 walioingia jela, lakini zaidi ya nusu ya visa vyote vya kujidhuru vilitoka kwa hao 7. Katika jimbo la Karolina Kaskazini watafiti waliwafuatilia watu walioachiliwa kati ya mwaka 2000 na 2015, wakakuta waliowahi kutengwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 24, wa kufa ndani ya mwaka mmoja wa kutoka, na kwa kujiua, asilimia 78. Nitakuwa mkweli kwako: tafiti kama hizi haziwezi kutenganisha kabisa selo na mtu aliyeingizwa selo, kwa maana mara nyingi wanaotengwa ni wale waliokuwa na matatizo tangu mwanzo. Upo pia utafiti wa jimbo la Kolorado wa mwaka 2010 uliosema wengi hawakuzidi kuharibika katika mwaka mmoja, na wataalamu waligombana sana juu yake. Mimi nimeingia kwenye selo hizo. Najua niko upande gani.

Turudi kwa sheria, maana utaulizwa, "Kanuni za Umoja wa Mataifa ni za nani hapa Malindi?" Ni swali la haki. Kanuni za Mandela peke yake si mkataba, hazimfungi ofisa kama sheria ya Bunge. Lakini zina mgongo. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 29, inakataza kumtendea au kumwadhibu mtu kikatili au kwa kumdhalilisha, na Ibara ya 25 inasema haki hiyo haiwezi kuwekewa kikomo na yeyote, wala kwa sababu ya usalama, wala kwa sababu ya nidhamu. Ibara ya 51 inasema aliyefungwa au kuzuiliwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezekani kabisa kwa mtu aliye kifungoni. Kenya pia iko ndani ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na kamati inayousimamia ilishasema mwaka 1992 kwamba kutengwa kwa muda mrefu kunaweza kuwa mateso au ukatili uliokatazwa na mkataba huo. Ibara ya 2 ya Katiba inaufanya mkataba tulioridhia kuwa sehemu ya sheria yetu. Mahakama inapouliza "ukatili ni upi hasa?", Kanuni za Mandela ndizo kipimo kilicho karibu. Na Sheria ya Magereza, ambayo iliandikwa mwishoni mwa ukoloni, haiwezi kusimama pale inapopingana na Katiba.

Nchi hii inajua kwa nini ibara hizo ziliandikwa. Chini ya Jumba la Nyayo, Nairobi, kulikuwa na selo ambazo watu waliwekwa peke yao gizani, wengine ndani ya maji, na miaka mingi baadaye mahakama zikaiamuru serikali iwalipe fidia. Waliotunga Katiba walikuwa na watu hao vichwani.

Kwa mwanao kuna mambo mengine matatu ambayo nataka uyakamate, kwa sababu yanasimama hata kama siku zisingetimia 15. La kwanza ni chakula. Kanuni ya 43 inakataza kupunguza chakula au maji kama adhabu. Ikithibitika, hilo peke yake ni kosa, iwe siku ya 2 au ya 17. La pili ni kusikilizwa. Kabla ya adhabu alitakiwa aambiwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, apewe nafasi ya kujitetea, na aruhusiwe kuomba uamuzi upitiwe upya. Vita vya wadini huwa na watu wengi, na mara nyingi anayetengwa ni yule aliyekuwa karibu na mlango askari walipoingia. La tatu ni hali yake ya afya. Kama aliwahi kutibiwa kifafa, akili, au ana ulemavu ambao selo itauzidisha, Kanuni ya 45 inakataza asitiwe humo kabisa. Kama una kadi yake ya kliniki ya zamani nyumbani, itafute usiku wa leo.

Na kumbuka, yeye ni mahabusu. Hajahukumiwa kwa lolote.

Kesho asubuhi nenda mapema, uvae vizuri, na uende na mtu mzima mmoja wa kukaa shahidi, mjombake au mzee wa mtaa. Usiende kugombana na askari wa langoni, yeye hana funguo za jambo hili. Omba kumwona ofisa msimamizi, au naibu wake. Swali lako la kwanza liwe hili: "Mwanangu yuko peke yake kwa sababu gani: adhabu, usalama wake, au ugonjwa?" Uliza hivyo kwa sababu majibu yanatofautiana. Wakati mwingine mtu hutengwa kwa kifua kikuu, hadi dawa zimtoe kwenye hatari ya kuambukiza wenzake, na hapo la kudai ni matibabu na hewa. Wakati mwingine wenzake wametishia kumuua, na ofisa anamlinda. Nawaelewa maofisa katika hilo. Wadi ya watu 40 ina watu 100, askari ni wachache, na selo moja tupu inaonekana kama jibu pekee. Lakini hata anayelindwa hapaswi kuozea saa 23 kwa siku. Wanaweza kumhamishia wadi nyingine au gereza jingine, wakampa kutoka na kuongea na watu.

Wakisema ni adhabu, uliza ni kosa gani, lilisikizwa lini, aliamua nani, ni siku ngapi, zinaisha tarehe gani, na daktari amemwona mara ngapi. Andika majibu mbele yao kwenye daftari, na jina la aliyejibu. Kukosa tarehe ya mwisho ni jibu pia, liandike.

Kisha uwaachie barua, nakala moja ibaki kwako imegongwa muhuri au imetiwa sahihi ya kupokelewa. Isiwe ndefu. Mfano huu unatosha:

"Kwa Ofisa Msimamizi. Mimi ni mama wa mahabusu (jina na namba yake). Tangu Jumatatu tarehe fulani yuko selo ya peke yake takriban saa 23 kwa siku. Leo ni siku ya 18 mfululizo. Nilipomwona hakujua kama ni mchana au usiku. Naomba: atolewe kwenye selo hiyo leo, aonwe na daktari na nipewe taarifa, arudishiwe chakula kamili, nipewe nakala ya uamuzi wa adhabu. Nahofia maisha yake." Jina lako, simu, tarehe.

Sentensi ya mwisho usiifute. Ofisa akishasoma kwa maandishi kwamba kuna hofu ya maisha, hawezi tena kusema hakujua, na hilo hubadilisha jambo haraka kuliko unavyodhani. Mara nyingi nimeona mlango ukifunguliwa siku ile ile, kimyakimya, bila ya yeyote kukiri kosa.

Usipofunguliwa, njia fupi iko mahakamani, na pengine hujaifikiria. Mahabusu hupelekwa mbele ya hakimu kesi yake itajwe. Siku hiyo fika kortini. Wakili wake, au yeye mwenyewe, au wewe ukisimama ukainua mkono kwa heshima, mwambieni hakimu: mheshimiwa, ametengwa siku kadhaa na afya yake imeharibika. Hakimu anaweza kuamuru apelekwe hospitali, apimwe akili, na ripoti iletwe. Kama kutajwa kuko mbali, nenda rejista ya mahakama uulize namna ya kuomba faili iletwe mapema.

Lalamiko la ukatili lenyewe pia lina mlango wake. Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, na ibara hiyo inasema kufungua shauri la namna hiyo kusitozwe ada, na mahakama ikibidi ipokee hata barua ya kawaida. Malindi mna Mahakama Kuu hapo hapo mjini. Na tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hata hakimu anaweza kusikiliza madai ya mateso na ukatili chini ya Ibara ya 25. Huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria ipo kwa wasio na pesa ya wakili, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ina ofisi Mombasa. Wapigie na uwatumie picha ya barua yako yenye muhuri.

Ukipewa nafasi ya kumwona tena, hata dakika 5, usizimalize kwa kulia wala kwa kumuuliza walimfanyia nini. Mwite jina lake lote. Mwambie leo ni siku gani, tarehe ngapi, saa ngapi, na nje kuko vipi: kusi imeanza, bahari imechafuka, mashua hazijatoka, babake amedarizi kofia mpya. Mpe vitu vya kushika akilini. Mwambie tarehe utakayorudi, na urudi tarehe hiyo. Mwangalie mikono, kama inatetemeka, na kama kuna majeraha. Muulize amelala usiku gani mara ya mwisho. Na umuulize wazi, bila kuzungusha maneno, kama amefikiria kujidhuru. Swali hilo halimtii mtu wazo, usiogope. Akisema ndiyo, au akinyamaza na kutazama chini, usitoke gerezani hadi umemwona mhudumu wa afya wa pale au ofisa wa zamu, na kuliandika.

Jambo moja nalisema kwa upole, kwa kuwa nayajua majumba yetu. Akitoka na akawa anazungumza peke yake au anasema anasikia sauti, watu wataanza: ametupiwa kitu kule ndani, ana jini, apelekwe kwa fulani. Kisomo hakina ubaya, msomeeni, na sauti ya Kurani ndani ya nyumba anayoijua itamtuliza. Lakini asifungiwe chumbani peke yake eti hadi atulie, na asifungwe kamba. Hilo litakuwa selo ile ile kwa mara ya pili. Apelekwe kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya serikali ndani ya wiki ya kwanza, mumweleze daktari kwamba alitengwa na kwa siku ngapi, maana asipoambiwa anaweza kudhani ni ugonjwa ulioanza wenyewe na kumpa dawa za miaka. Sauti nyingi za namna hii hupungua katika siku chache za kulala na kuwa na watu. Zikiendelea kupita wiki mbili, au akikataa kula, au akizungumza kufa, hapo dawa zinahitajika na zisicheleweshwe.

Nyumbani usimwandalie karamu ya kumpokea. Watu 30 sebuleni, na spika, vitamtisha kuliko selo. Wiki ya kwanza awe na wawili watatu aliowazoea. Atataka kulala na taa, au kulala barazani, au mlango uwe wazi, mpe. Atakasirika kijiko kikianguka. Atakaa kimya kwenye chakula na kuondoka katikati. Baadaye amka naye alfajiri, mtembee hadi ufukweni kabla hakujajaa watu, muwatazame wavuvi wakishusha samaki, na arudi akiwa amechoka ili usiku apate usingizi wa usiku.